Viashiria vinane vya kiwanda cha maziwa: kipi kikae wapi, na kwa nini "asilimia 10 kila kimoja" haifai

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhasibu wa kiwanda kidogo cha maziwa cha ushirika, huku Rungwe. Meneja amenipa viashiria vinane vya mwaka jana nivipange kwenye mitazamo minne ya kadi ya mizani na niweke shabaha za mwaka ujao. Faida ghafi ni asilimia 18 ya mauzo. Madeni ya maduka hukaa siku 47. Maduka yanayoagiza kila mwezi ni 62 kati ya 90. Pakiti za mtindi zinazorudi zimevimba ni 12 kwa kila 1,000. Maziwa yanayokataliwa getini ni asilimia 7. Kutoka kukamua hadi kupoozwa ni wastani wa saa 4. Wakusanyaji waliofundishwa kupima ni 5 kati ya 14. Wafugaji wanaoleta maziwa mwaka mzima ni 210 kati ya 380. Tunapokea lita 3,000 kwa siku, tunamlipa mfugaji shilingi 1,000 kwa lita kila mwisho wa mwezi, na tunauza milioni 4.5 kwa siku, milioni 2 kati yake kwa mkopo. Nimekwama kwenye maziwa yanayokataliwa na kwenye wafugaji, naona vinaingia popote. Shabaha nimeweka kila kiashiria kiboreke kwa asilimia 10. Nimekosea? Nimeambatisha daftari la getini na ratiba ya gari."*

Marahaba, mwanangu. Kwenye kupanga umekwama mahali ambapo hata wazoefu hukwama. Kwenye shabaha umekosea kweli, na kosa linaonekana kwenye namba zako mwenyewe. Asante kwa kuambatisha daftari na ratiba, maana bila hivyo ningekujibu hewani.

Robert Kaplan na David Norton, waasisi wa kadi hii ya kupimia utendaji wa shirika, walipoieleza mwaka 1992, kila mtazamo waliufunga kwenye swali. Wenye mali wanatuonaje? Wateja wanatuonaje? Ni kazi gani ya ndani ambayo lazima tuifanye vizuri kuliko nyingine zote? Na je, tunaweza kuendelea kujifunza na kuboresha? Kwa hiyo usipange kiashiria kwa kuangalia nani anakipima au kinakaa kwenye faili la idara gani. Jiulize kinajibu swali lipi kati ya hayo manne. Ukifanya hivyo, vingi vinakaa vyenyewe. Faida ghafi na siku za madeni ni fedha. Maduka yanayoagiza tena na pakiti zilizovimba ni wateja, kwa sababu aliyeiona pakiti imevimba ni mwenye duka, hata kama chanzo kiko kwenye mashine yako. Muda wa kupoozwa ni michakato ya ndani. Mafunzo ya wakusanyaji ni kujifunza na kukua.

Maziwa yanayokataliwa yana hasara ya fedha, ndiyo maana yanakuvuta kwenye fedha. Lakini fedha ni matokeo yake tu. Kinachopimwa pale ni jinsi mlivyoyashika maziwa kutoka kwa ng'ombe hadi kwenye tangi, kwa hiyo yanakaa kwenye michakato ya ndani. Hasara yake itajitokeza yenyewe kwenye faida ghafi, na ukiyaweka kwenye fedha utakuwa umeihesabu mara mbili huku kazi inayoizaa ikibaki haina kipimo.

Wafugaji ndio wenye ugumu wa kweli. Katika kampuni ya mtu binafsi mfugaji ni msambazaji wa malighafi, na wengi wangemweka kwenye michakato ya ndani. Kwenye ushirika, mfugaji huyohuyo ni mwenye mali, ni mleta maziwa, na ni mtu anayekuja kwenu kutafuta huduma: soko la uhakika, vipimo vya haki, malipo kwa tarehe. Asiporidhika anamwita mchuuzi wa barabarani anayelipa taslimu. Mimi ningemweka kwenye mtazamo wa wateja na kuubadilisha jina uwe "wateja na wanachama", wenye maduka upande mmoja na wafugaji upande wa pili. Kaplan na Norton wenyewe walisema mitazamo minne ni kiolezo, si pingu. Mjumbe wa bodi akitaka wakae kwingine, mwulize anatarajia mfugaji aamue nini kuhusu kiwanda. Jibu litakuwa ni kubaki au kuondoka, na huo ni uamuzi wa mteja.

Sasa shabaha, ambako nataka tukae zaidi.

Chukua hiyo asilimia 10 yako uipitishe kwenye namba. Faida ghafi ikipanda kutoka 18 kwenda 19.8, ni nyongeza ya asilimia 1.8 ya mauzo ya milioni 4.5, yaani shilingi 81,000 kila siku. Zitatoka wapi? Umesema maziwa yanayokataliwa yatashuka kutoka asilimia 7 hadi 6.3. Hizo ni lita 21 kwa siku, shilingi 21,000. Pakiti zilizovimba zikipungua kutoka 12 hadi 11 kwa kila elfu, hazikupi kitu cha maana. Zimebaki karibu shilingi 60,000 kwa siku ambazo hakuna kiashiria chako hata kimoja kinachozileta. Ndiyo maana nasema umekosea. Kila shabaha ukiitazama peke yake inaonekana ya busara, ila ukiziweka pamoja hazikubaliani. Na kwa wakusanyaji, asilimia 10 juu ya watu watano ni watu watano na nusu. Hapo ungeshtuka mapema.

Shabaha huanzia chini, kwenye kazi, kisha hupanda hadi kwenye fedha. Basi tuanzie kwenye ratiba ya gari.

Una vituo sita. Wafugaji wanakamua saa 12 asubuhi. Gari linatoka saa 1, linazunguka vituo vinne vya karibu, na saa 2 na nusu maziwa yako kwenye tangi. Hayo yamekaa saa 2 na nusu. Gari linageuza hapohapo kwenda vituo viwili vya mbali na linarudi saa 7 mchana, kwa hiyo maziwa ya mbali yamekaa saa 7 bila kupoozwa. Ukichukua wastani wa vituo sita unapata saa 4, ile namba uliyoandika. Lakini hakuna kituo hata kimoja chenye saa 4. Wastani umechanganya maziwa mazima na maziwa yaliyokwisha kuanza kuchacha. Ubaridi wa asubuhi wa Tukuyu unawasaidia kidogo, ila bakteria hawasubiri, na kufikia saa sita mchana kwenye keni lililopigwa jua wamezaliana vya kutosha kuongeza asidi. Mpokeaji wako wa getini akiyapima kwa kuyachanganya na spiriti kwa kiasi sawa, yanakatika. Daftari linathibitisha: robo tatu ya maziwa yanayokataliwa yamekatikia kwenye spiriti, na sehemu kubwa ya hayo imeandikwa majina ya vile vituo viwili. Robo iliyobaki imekamatwa na laktomita, kipimo cha wiani wa maziwa, yaani yametiwa maji, na hilo ni tatizo jingine lenye dawa nyingine.

Shabaha yako ya wastani wa saa 3.6 inaweza kufikiwa kwa kuviharakisha vituo vya karibu kutoka saa 2 na nusu hadi saa 1.9, bila kugusa hata tone la maziwa yanayoharibika. Meneja atapata alama ya kijani na keni zilezile zitaendelea kumwagwa. Kwa hiyo badilisha namna ya kuandika kiashiria: si wastani, bali muda wa kituo kinachochelewa kuliko vyote. Leo ni saa 7.

Utasema, basi gari lianze na vituo vya mbali. Nimelijaribu hilo kwenye karatasi. Gari likitoka saa 1 kwenda mbali linarudi saa 5 na nusu, kwa hiyo maziwa ya mbali yanashuka hadi saa 5 na nusu. Kisha linakwenda karibu na kurudi saa 7, na sasa ni vituo vinne vyenye maziwa ya saa 7. Umehamisha ugonjwa kutoka kwa wachache kwenda kwa wengi. Njia zinazobaki ni mbili. Mnaweza kukodi kirikuu kizunguke vituo vya karibu huku gari kubwa likienda mbali moja kwa moja: karibu hawaguswi, mbali wanashuka hadi saa 5 na nusu. Inasaidia, haiponyi. Au mnaweza kuweka tangi la kupoozea kwenye kimoja cha vituo vya mbali, na kile kingine kikapeleka maziwa hapo. Hapo muda wa mbali unashuka chini ya saa 3, na maziwa yakishapoa hadi nyuzi 4 yanaweza kusubiri mzunguko wa pili bila wasiwasi, tena kirikuu mnakiacha.

Kwa hiyo shabaha yenyewe inategemea bodi inatoa nini. Tuseme mnaanza na kirikuu, na tangi linafungwa katikati ya mwaka. Ningeandika hivi: kituo kinachochelewa kisizidi saa 5 na nusu kwa miezi sita ya kwanza, na kisizidi saa 3 kwenye robo ya mwisho. Maziwa yanayokataliwa yashuke kutoka asilimia 7 hadi 5.5 kufikia katikati ya mwaka, na hadi 3.5 kwenye robo ya mwisho. Usiandike sifuri, wala usishuke sana chini ya hapo, kwa sababu ile robo ya maji haiponywi na tangi. Na kama bodi haitoi tangi, futa zile namba za robo ya mwisho mbele yao na uandike saa 5 na nusu na asilimia 5.5 mwaka mzima. Kumwekea mtu shabaha ya saa 3 wakati barabara na gari vinasema 5 na nusu ni kumwonea.

Sasa panda nazo juu. Kutoka 7 hadi 5.5 ni lita 45 kwa siku, shilingi 45,000. Kirikuu kikikodishwa kwa 40,000 kwa siku, kimekula karibu yote. Basi nusu ya kwanza ya mwaka faida ghafi haitapanda, na ni muhimu bodi ijue hilo mapema ili wasije wakaona kadi imeshindwa mwezi wa nne. Robo ya mwisho, kutoka 7 hadi 3.5 ni lita 105, shilingi 105,000 kwa siku, yaani asilimia 2.3 ya mauzo. Ukitoa umeme wa tangi, faida ghafi ya 20 kwenye robo ya mwisho ni shabaha ninayoweza kuitetea mstari kwa mstari. Kwa mwaka mzima ningeandika 18.5. Ni ndogo kuliko 19.8 yako, lakini kila shilingi yake ina mahali inapotoka.

Linganisha kila robo na robo kama hiyo ya mwaka jana, si na robo iliyotangulia. Nyanda za juu kusini mvua inapokolea majani yanakuwepo na maziwa yanajaa, na ndipo hapohapo barabara za udongo zinapokwamisha gari. Kiangazi maziwa ni haba na barabara ni nzuri. Usipotenganisha majira utaisifu kadi kwa kazi iliyofanywa na jua.

Kuna mtego mmoja nataka uuone kabla haujakunasa. Niliwahi kufanya kazi na kiwanda cha maziwa ambacho sitakitaja, tukaweka shabaha ya maziwa yanayokataliwa getini na bonasi juu yake. Miezi mitatu baadaye yalikuwa yameshuka hadi asilimia 2 na nilishangilia pamoja na wenzangu. Kisha maduka yakaanza kurudisha pakiti. Mpokeaji alikuwa amepunguza spiriti kwenye kipimo, maziwa ya wasiwasi yakawa yanapita. Kosa lilikuwa letu tuliomfunga bonasi kwenye namba moja. Tangu siku hiyo nasoma viashiria hivi viwili kwa pamoja: yanayokataliwa yakishuka huku pakiti zilizovimba zikipanda, kuna mtu amelegeza kipimo, na alama ya getini isipewe kijani. Kwa pakiti zilizovimba ningeweka kutoka 12 hadi 8 kwa kila elfu, kwa tahadhari, kwa sababu uvimbe hutoka pia kwenye usafi baada ya maziwa kuchemshwa na kwenye duka linalozima friji usiku. Tangi la kijijini haliyagusi hayo.

Mtego huohuo uko kwa wakusanyaji. Ukiwafundisha wote 14, watakataa zaidi kule kituoni na namba ya getini itapendeza. Lakini maziwa yaliyokataliwa getini mmeshayaandika kwenye kadi ya mfugaji na mtayalipa. Yaliyokataliwa kituoni hasara ni yake. Mtakuwa mmeipunguza hasara yenu kwa kuihamishia kwake, naye ataondoka. Kwa hiyo hesabu yaliyokataliwa kituoni na getini kwa pamoja, ukionyesha kila moja kwenye safu yake. Na badala ya kuhesabu "waliofundishwa", hesabu wakusanyaji ambao vipimo vyao vinakubaliana na vya getini: chukua keni tatu kwa kila mkusanyaji kila mwezi, zipimwe tena bila mpokeaji kujua zimetoka kituo gani. Kukaa darasani siku mbili si sawa na kujua kusoma laktomita. Shabaha yangu ni 12 kati ya 14 kufikia katikati ya mwaka. Hii haina haja ya kusubiri tangi, na ndiyo dawa ya ile robo ya maji.

Nimeyaacha madeni mwisho ingawa ndiyo yaliyonishtua zaidi. Milioni 2 za mkopo kwa siku, mara siku 47, ni milioni 94 zilizokaa madukani. Malipo ya wafugaji wako kwa mwezi, lita 3,000 kwa shilingi 1,000 kwa siku 30, ni milioni 90. Maduka yameshikilia malipo ya mwezi mzima ya wafugaji wote 380. Bila shaka kuna miezi ambayo malipo yanachelewa, na kila yakichelewa mchuuzi anapata wafugaji wapya. Hapa siku za madeni, ambazo ni fedha, zinaendesha kiashiria cha wanachama moja kwa moja. Asilimia 10 ingekupeleka siku 42 na kuachia milioni 10 hivi. Haitoshi, kwa sababu fedha ya duka bado inaingia baada ya siku ya malipo kupita. Shabaha yenye maana ni 30, kwa kuwa siku 30 ndiyo mzunguko wa mfugaji. Inaachia milioni 34. Fika 40 katikati ya mwaka kwa kanuni moja isiyo na ugomvi mkubwa: anayetaka mzigo mpya alipe wa zamani.

Kanuni hiyo itawaudhi baadhi ya maduka, kwa hiyo usitake maduka yanayoagiza yapande haraka. Yabaki 62 nusu ya kwanza, 66 mwishoni. Duka linaloagiza kila mwezi bila kulipa ni mteja wa karatasi tu.

Kwa wafugaji, tenganisha aliyeacha kwa sababu ng'ombe amekauka kiangazi na anayekamua lakini anauza kwingine. Mkusanyaji anawajua kwa majina. Shabaha ya kutoka 210 hadi 235 inawezekana endapo malipo yatatoka tarehe ileile kwa miezi 12, na ningeiweka tarehe hiyo kwenye kadi kama kiashiria cha tisa kuliko kubuni kingine.

Kuna mambo mawili ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kabla hujaipeleka namba ya saa 3 kwa bodi, fundi umeme aende kwenye kile kituo cha mbali aone kama laini iliyopo inabeba tangi na kama umeme hukatika kiasi cha kuhitaji jenereta. Na kuhusu uvimbe wa mtindi, usiupangie chanzo ukiwa ofisini. Mwombe afisa mifugo wa halmashauri, au watafiti wa mifugo wa TALIRI pale Uyole, mtu wa kufuata pakiti kutoka kwenye mashine hadi kwenye friji ya duka, kwa siku mbili au tatu. Akileta jibu, ile 8 kwa kila elfu uirekebishe, juu au chini.